Boti lasema limetatua, mteja bado yuko gizani

Mteja wa umeme wa jua anaandika saa mbili usiku: "shkamoo". Boti linajibu: "Samahani, sijakuelewa. Chagua 1, 2 au 3." Mteja anajaribu tena: "nmelipa ila taa aziwaki". Safari hii boti linaelewa, au linadhani limeelewa. Linamwambia kwamba malipo yakishapokelewa atatumiwa namba ya kuwashia ndani ya dakika 30. Mteja anaandika "haya". Mazungumzo yanaishia hapo.

Asubuhi dashibodi ya kampuni inayaweka mazungumzo hayo kwenye fungu la yaliyotatuliwa. Mchana mteja anapiga simu kwa laini yake nyingine, anapokelewa na mhudumu, na ndipo inapogundulika kwamba alikosea tarakimu moja ya namba ya akaunti alipolipa. Pesa ilifika, lakini ilikuwa inaning'inia kwenye mfumo bila mwenyewe. Angesubiri dakika 30 au siku 30, namba ya kuwashia isingekuja.

Nasema boti nikiwa na maana ya programu inayojibu wateja kwa maandishi, si chombo cha kwenda Unguja. Wanaoliendesha hulipima kwa namba tatu. Kiwango cha utatuzi ni sehemu ya mazungumzo ambayo boti lilimaliza shida ya mteja. Kiwango cha kukwama ni mara ngapi boti lilisema halikuelewa. Kiwango cha kuridhika ni alama ambazo wateja wenyewe walizitoa. Zikiwa kwenye karatasi zinaonekana rahisi. Ugumu unaanza pale unapouliza kila namba imegawanywa kwa nini, na kimya cha mteja kimehesabiwa kuwa nini.

Nitatumia kampuni ya mfano inayouza umeme wa jua wa kulipia kidogo kidogo: mteja analipa kwa simu, anatumiwa namba, anaibonyeza kwenye kisanduku chake na taa zinawaka. Takwimu zote za kampuni hii ni za kufanyia hesabu tu. Makosa yake ndiyo yale ambayo mtu yeyote aliyekaa na kumbukumbu za boti atayatambua.

Asilimia 82.5 iliyogeuka 44

Katika wiki moja wateja walifungua mazungumzo 1,200 na boti hili. Mazungumzo 210 yalipelekwa kwa wahudumu. Yaliyobaki, 990, hayakufika kwa binadamu, na dashibodi ikayaita yote yametatuliwa. 990 kwa 1,200 ni asilimia 82.5. Meneja akafurahi.

Kilichopimwa hapo ni uwezo wa boti kumzuia mteja asifike kwa mhudumu. Hicho nacho ni kipimo, na mhasibu anakihitaji kwa sababu kila mazungumzo yasiyomfikia mhudumu yana gharama ndogo. Lakini hakisemi lolote kuhusu taa za mteja. Ukificha kabisa njia ya kumpata mhudumu, kipimo hicho kitapanda mpaka 100.

Sasa tuyapitie upya. Kwanza tuangalie kigawanyo. Kati ya yale 1,200, watu 150 waliandika "mambo" au walibonyeza kwa bahati mbaya, wakaondoka bila kutaja shida yoyote. Hao hawawezi kutatuliwa wala kutotatuliwa, kwa hiyo tunawatoa. Yanabaki 1,050 yenye swali la kweli. Tukiondoa 210 yaliyokwenda kwa wahudumu, boti lina 840 ya kujitetea.

Hatua ya pili ni kuuliza nani alirudi. Kwa kila namba ya simu iliyozungumza na boti, tunatazama kama iliandika tena kuhusu jambo lilelile, au ilipiga simu kituo cha huduma, ndani ya saa 72. Katika mfano wetu ni 210, na hao shida yao haikuisha. Saa 72 si amri. Mteja wa benki mwenye kadi iliyofungwa atarudi siku hiyohiyo. Huyu wa umeme wa jua analipa kila wiki, kwa hiyo ukinyoosha muda mpaka siku saba utaanza kumhesabia boti kosa la malipo mapya kabisa. Muda uchaguliwe kulingana na biashara, kisha usibadilishwe katikati ya mwaka, la sivyo grafu itapanda au kushuka kwa sababu ya kalenda tu.

Ikumbukwe pia kwamba hesabu hii ya waliorudi daima ni pungufu. Watu wana laini mbili, wengine wanapiga kwa simu ya jirani kwa sababu ya kwao imezima chaji, na ndiyo maana walikuwa wanatafuta umeme. Mteja wetu wa mwanzo, aliyepiga kwa laini nyingine, hangeonekana.

Hatua ya tatu: waliotoweka mara tu baada ya boti kusema "sijakuelewa". Hapa ni 105. Hawakurudi, hawakupiga simu, ila maneno ya mwisho waliyoyaona ni ya boti kukiri limeshindwa. Kuwaita wametatuliwa ni utani. Tunabaki na 525, yaani nusu kamili ya 1,050.

Hatua ya nne ndiyo inayokwepwa na wengi kwa sababu haina kitufe cha kubonyeza. Chukua mazungumzo 100 kwa bahati nasibu kutoka kwenye hayo 525, uyasome moja moja, neno kwa neno. Msomaji wetu alikuta 12 ambayo boti lilitoa jibu lisilo sahihi au lisilohusiana, na mteja akanyamaza. Tukiyakata kwa uwiano huo, 525 inakuwa kama 462, na 462 kwa 1,050 ni asilimia 44. Sampuli ya 100 ina ulegevu wake: 12 hiyo inaweza kuwa kwa kweli popote kati ya takriban 7 na 20. Kwa hiyo ukiniuliza kiwango cha utatuzi, nitakwambia ni baina ya asilimia 40 na 47. Hakika si 82.5.

Kuna njia bora kuliko zote hizi pale inapowezekana, nayo ni kuacha maneno na kutazama tukio kwenye mfumo. Kama mteja alilalamika hajapata namba ya kuwashia, je, namba ilitolewa kwa akaunti yake baada ya mazungumzo? Hilo lina saa na dakika, halina adabu wala aibu. Tatizo ni kwamba maswali mengi, kwa mfano "betri inakaa miaka mingapi?", hayana tukio lolote la kutazama, na visanduku vya kubonyeza namba ambavyo havina laini ndani yake haviwezi kuripoti kama taa ziliwaka kweli. Kwa hayo tunarudi kwenye kusoma.

Ufafanuzi wa neno "kutatua" una pesa ndani yake pia. Intercom, wauzaji wa programu za huduma kwa wateja, walipoleta boti lao la Fin mwaka 2023 walilitoza senti 99 za dola kwa kila utatuzi. Katika masharti yao utatuzi ni wa aina mbili: ule ambao mteja amethibitisha, na ule wa kudhaniwa, ambapo mteja alipata jibu akaondoka bila kuomba msaada zaidi. Wamelisema wazi, na mnunuzi anajua analipia nini. Ila mnunuzi huyo ana haki ya kuuliza kila mwezi ni kiasi gani kilithibitishwa na kiasi gani kilidhaniwa, kisha afanye hesabu ya saa 72 kwa upande wake.

"Haya" si ndiyo

Hata kuthibitisha kwenyewe kuna mtego, na kwa Kiswahili mtego huo ni mkubwa. Boti linauliza: "Je, nimekusaidia?" Mteja anajibu "haya", au "sawa", au "asante". Aliyetengeneza orodha ya maneno ya kukubali ameyaweka yote matatu. Sote tunajua "haya" inavyotamkwa na mtu aliyekata tamaa. "Sawa, asante" ni namna yetu ya kufunga mlango taratibu tusije tukaonekana wakorofi. Mimi huhesabu uthibitisho pale tu mteja anapotaja matokeo: "imewaka", "nimepata", "imekubali". Maneno mengine yote nayaacha upande wa kudhaniwa.

Kukwama kunakoshuka kwa sababu mbaya

Tuje kwenye namba ya pili. Katika wiki ileile wateja walituma jumbe 6,000, na boti lilisema "sijakuelewa" mara 480. Hiyo ni asilimia 8, na ndiyo iliyoandikwa kwenye ripoti. Lakini mteja haishi kwenye ujumbe mmoja, anaishi kwenye mazungumzo mazima. Ukihesabu mazungumzo yaliyokuwa na kukwama angalau mara moja unapata 273, na 273 kwa 1,050 ni asilimia 26. Mteja mmoja kati ya wanne aliambiwa hajaeleweka. Namba zote mbili ni sahihi. Anayeonyesha ya kwanza peke yake amechagua upande wa kupiga picha.

Rundo la jumbe zilizokwamisha boti ndiyo hazina kubwa kuliko zote katika kazi hii, kuliko asilimia yenyewe. Rundo hili lilikuwa na "shkamoo", "habari za kazi" na "samahani ndugu" kwa wingi. Mswahili hamvamii mtu na shida. Anasalimia kwanza kwa ujumbe wake, anasubiri kuitikiwa, ndipo anaeleza. Boti lililotengenezwa likitarajia shida kwenye ujumbe wa kwanza linakwama kwenye salamu, nalo likikwama linatupa orodha ya 1, 2, 3 usoni mwa mtu aliyekuwa anangoja "marahaba". Kuongeza salamu kwenye mafunzo ya boti ni kazi ya nusu siku, na hupunguza kukwama kuliko mambo mengi ya gharama.

Zilizobaki zilikuwa tahajia za simu: "cjapata namba", "aiwaki", "nmelipia jna". Wateja wa upande wa Kenya waliandika "stima" ilhali boti lilifundishwa "umeme". Halafu kulikuwa na kitu ambacho hakikuwepo kwenye rundo hata kidogo: ujumbe wa sauti. Boti hili halikuweza kusikiliza sauti, na msimbo wake ulizitupa jumbe hizo kimyakimya, bila jibu na bila kuhesabu kukwama. Mteja aliyeeleza shida yake kwa dakika nzima alikuwa, kwa mujibu wa dashibodi, hajasema neno. Kabla ya kuamini kiwango cha kukwama, uliza picha, sauti na ramani zinaishia wapi.

Sasa hatari yenyewe. Kukwama kunaamuliwa na kizingiti. Boti linapopokea ujumbe linajipa alama ya uhakika kati ya 0 na 1, na alama ikiwa chini ya kizingiti linakiri halijaelewa. Kwa wanaotumia Rasa, programu ya kutengenezea boti, mstari wenyewe uko hivi:

```yaml
pipeline:
  # vipengele vingine
  - name: FallbackClassifier
    threshold: 0.7
    ambiguity_threshold: 0.1
```

Mtu akibadilisha hiyo 0.7 ikawa 0.4, kukwama kutashuka siku hiyohiyo, tuseme kutoka asilimia 8 mpaka 3, bila boti kujifunza neno hata moja jipya. Limeacha tu kukiri. Pale lilipokuwa likisema "sijakuelewa", sasa linachagua jibu la karibu na kulitoa kwa kujiamini. Utaligundua hilo kwa kuweka namba mbili kando kwa kando: kukwama kumeshuka, na waliorudi ndani ya saa 72 wamepanda. Zikienda pande tofauti namna hiyo, usipongeze mtu kwanza.

Mteja wetu wa mwanzo alipata madhara ya aina hii. Ujumbe wake wa pili haukukwamisha boti. Ulifanana na ule wa watu wanaosubiri namba, ukapewa jibu lao. Kwa boti, "nimelipa lakini taa haziwaki" ni jambo moja. Kwa mhudumu mzoefu ni mambo matatu: malipo hayajaingia, malipo yameingia akaunti isiyo sahihi, au namba imekuja na mteja amekosea kuibonyeza. Swali moja linayatenganisha: "Naomba kumbukumbu namba ya muamala." Boti halikuwahi kuuliza.

Mfano wa kweli wa jibu la kujiamini lisilo sahihi uliamuliwa Kanada mwezi Februari 2024. Abiria aliyefiwa na bibi yake alikuwa ameliuliza boti la tovuti ya Air Canada, Novemba 2022, kuhusu nauli nafuu ya msiba. Boti lilimwambia anaweza kununua tiketi kwanza na kuomba punguzo ndani ya siku 90. Sera ya shirika ilikuwa kinyume: punguzo haliombwi baada ya kusafiri. Jibu lenyewe la boti lilikuwa na kiungo kinachoelekeza kwenye ukurasa uliosema hivyo. Shirika lilijitetea, pamoja na mengine, kwa hoja kwamba boti linawajibika lenyewe kwa maneno yake. Baraza la usuluhishi la British Columbia halikukubali, na likaamuru abiria alipwe zaidi ya dola 800 za Kanada, riba na ada zikiwemo.

Yapitishe mazungumzo ya aina hiyo kwenye namba zetu tatu. Hakuna kukwama. Mteja hakuomba mhudumu, kwa hiyo limetatua. Angeulizwa pale pale kama ameridhika, ana sababu gani ya kusema hapana? Amepata jibu analolihitaji. Hata dirisha la saa 72 lisingelinasa kosa hili, kwa sababu madhara yalikuja baadaye, alipoomba punguzo na kukataliwa. Linaloweza kulinasa ni mtu anayeijua sera, anayesoma sampuli huku ukurasa wa sera ukiwa wazi pembeni.

Alama za kuridhika, na nani aliyeulizwa

Boti letu liliuliza: "Umeridhika kwa kiasi gani? 1 mpaka 5." Walijibu 105, asilimia 10 ya wenye swali. Kati yao 84 walitoa 4 au 5, na ripoti ikaandika kuridhika ni asilimia 80.

Swali la kwanza si wangapi walijibu, ni wangapi waliulizwa. Katika boti hili swali la alama lilitumwa pale tu mazungumzo yalipofungwa vizuri, baada ya "Je, kuna lingine?" Wale 105 waliotoweka baada ya kukwama hawakuulizwa kamwe. Wale 210 waliopelekwa kwa wahudumu waliulizwa, lakini mwisho, baada ya mhudumu kuwahudumia, na alama za mhudumu zikaingia kwenye kapu la boti. Kwa maneno mengine wenye hasira walichujwa, na kazi ya binadamu ikaongezwa juu yake.

Kisha kuna namba yenyewe. Sisi tuliokaa darasani tunajua namba moja ni mshindi. Nimesoma mazungumzo ambamo mteja anatoa 1 na chini yake anaandika "mungu awabariki". Ukitaka kuepuka hilo, weka maneno badala ya tarakimu: "imetatuliwa", "nusu", "bado".

Wakati wa kuuliza nao una uzito. Boti lilikuwa linatuma swali sekunde chache baada ya kutoa namba ya kuwashia, mteja akiwa bado hajaibonyeza. Alama anayoitoa hapo ni ya matumaini. Afadhali kungoja saa moja au mbili. Kwenye WhatsApp lakini usichelewe mno, kwa kuwa kampuni inaruhusiwa kumwandikia mteja kwa uhuru ndani ya saa 24 tangu ujumbe wake wa mwisho. Zikipita, ni lazima utumie kiolezo kilichoidhinishwa.

Kuna la mwisho lisilo na dawa kamili. Mteja akiuliza kwa nini kisanduku kimefungwa, na boti likamjibu kwa usahihi kwamba amechelewa kulipa siku 14, atatoa 1. Amekasirishwa na deni. Kwa hiyo mimi sizijumlishi alama za mada zote pamoja. Alama za maswali ya deni nazilinganisha na alama za deni za mwezi uliopita, na za namba ya kuwashia vivyo hivyo.

Baada ya swali moja kuongezwa

Turudi kwa kampuni yetu. Baada ya kusoma zile 100, walifanya mambo mawili. Waliliwezesha boti kuitikia salamu, na kila anayesema amelipa lakini hajawasha aliombwa kumbukumbu namba ya muamala. Boti likikuta pesa iko kwenye fungu la zinazoning'inia, linampeleka mteja kwa mhudumu papo hapo, namba ya muamala ikiwa tayari mbele yake.

Wiki iliyofuata tuseme idadi ilikuwa ileile, 1,200 na 1,050. Waliopelekwa kwa wahudumu walipanda kutoka 210 mpaka 315. Waliorudi ndani ya saa 72 walishuka kutoka 210 mpaka 63. Waliotoweka baada ya kukwama wakawa 84. Yakabaki 588, na usomaji wa sampuli mpya ukakuta makosa 7 kati ya 100, hivyo utatuzi wa kweli ukafika kama 547 kwa 1,050, asilimia 52. Wahudumu nao walisema simu za waliopelekwa ni fupi, kwa sababu hawaanzi kwa kumtafuta mteja kwenye mfumo.

Dashibodi ya zamani ilikuwa haijazimwa. Bado iligawanya wasiofika kwa binadamu kwa 1,200, na wiki hiyo ilionyesha 885, sawa na asilimia 74 kutoka 82.5. Jumatatu meneja akaandika kwenye kundi la kazi akiuliza nani ameliharibu boti.